Tamasha limefutwa, narudisha hela kwa mkupuo, miamala 3 "inasubiri": nitume upya au nivumilie?

#1 Zumari la Jioni

Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja kwenye hoja.

Tulikuwa tuandae tamasha la muziki, limefutwa. Tiketi zilikuwa za bei moja, 10,000, na zote zililipiwa kwa simu. Ziliuzwa tiketi 640, ila malipo yaliyoingia ni 418 maana wengi walinunua mbili au tatu kwa muamala mmoja. Kamati imeamua kila mtu arudishiwe, na jumba bovu limeniangukia mimi.

Akaunti yetu ya biashara ina sehemu ya kulipa kwa mkupuo. Unapandisha faili lenye namba na kiasi, mwenzako anaidhinisha, mtandao unatuma. Ada ya kutuma ni 150 kwa kila muamala, uwe mkubwa uwe mdogo. Nimeanza na kundi la watu 100, jumla 1,520,000. Majibu ni haya: 91 imekamilika, 6 imeshindikana, 3 inasubiri. Hizo tatu zimeganda hivyo tangu jana jioni, mbili ni za 10,000 na moja ya 20,000.

Mweka hazina wetu anataka hizo 9 zote niziingize kwenye kundi la pili tusonge mbele. Mimi mkono unasita. Je, nitume upya? Makato abebe nani? Na orodha ya nani kalipwa mnaiwekaje ili kesho kamati isinigeuke?

#2 Kisiki

Nimevuta kiti. Ngoja waje wenye fani yao.

#3 Nyundo ya Bati

Tuma tu mkuu, unajitesa bure. Mfumo haukubali kumlipa mtu mmoja kiasi kilekile mara mbili, unarudisha ujumbe kwamba muamala umeshafanyika. Nimeuona kwa macho yangu.

#4 Mtunza Daftari

Zumari, usiguse hizo 3. Zile 6 zina jibu, jibu ni hapana, kwa hiyo unaweza kurekebisha kasoro na kuzituma tena. Hizo 3 hazina jibu. "Inasubiri" haina maana kwamba hela haijaenda. Maana yake ni kwamba aliyekuonyesha hali hiyo hajui. Huenda hela imeshamfikia mtu na kilichokwama ni taarifa ya kurudi kwako.

Nyundo #3 ana nusu ya ukweli. Mitandao mingi ina kizuizi cha kiasi kilekile kwenda namba ileile, lakini ni cha muda mfupi, dakika kadhaa tu, kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyebonyeza mara mbili. Ukituma kesho yake kinapita bila swali. Na ukiunganisha, kwa mfano 10,000 ya jana na 10,000 nyingine ya mtu huyohuyo iwe 20,000, kizuizi hakitambui kitu kabisa.

Kuna kipimo cha haraka. Uliingiza kiasi gani kwenye akaunti ya malipo kabla ya kundi la kwanza, na sasa hivi salio linasoma ngapi? Lete hizo namba mbili.

#5 Mama Upepo

Na mimi nilinunua tiketi ya kongamano lililoahirishwa, mpaka leo sijarudishiwa hata senti. Ninyi waandaaji mnatuona sisi wajinga. Nitumieni hela yangu!

#6 Kisiki

Mama Upepo #5, huyu siye aliyekula hela yako. Huyu anahangaika kurudisha, mwache ahangaike kwa amani.

#7 Zumari la Jioni

Mtunza Daftari, niliingiza 1,600,000 kwenye akaunti ya malipo. Salio sasa hivi ni 176,200.

Mama Upepo, pole. Ningekuwa na hela yako ungekuwa wa kwanza.

#8 Mtunza Daftari

Safi. Tupige hesabu.

Kundi lilikuwa la 1,520,000. Zilizoshindikana 6 zina jumla gani? Nakisia ni 90,000. Ukitoa hiyo na 40,000 ya zinazosubiri, zilizokamilika zinabaki 1,390,000. Niambie kama nimekosea. Ada ya 91 kwa 150 ni 13,650. Kwa hiyo kama zile tatu hazijaenda, akaunti ilitakiwa itoe 1,403,650 na salio libaki 196,350.

Wewe una 176,200. Pengo ni 20,150.

Tazama hiyo 150 ya mwisho. Kama zingekuwa zimepita zile mbili za 10,000, pengo lingekuwa 20,300, maana ada zingekuwa mbili. 20,150 ni muamala mmoja wa 20,000 na ada yake. Yaani yule wa 20,000 ameshapata hela yake, na mweka hazina wako alikuwa anataka kumpa nyingine.

#9 Nyundo ya Bati

Aisee. Hapo nimekaa.

#10 Fundi Minara

Hesabu ya #8 ni nzuri ila isichukuliwe kama msahafu. Nimefanya kazi na mifumo hii. Baadhi ya mitandao, ukishatuma, inalizuia lile fungu kwanza: linatoka kwenye salio unaloliona lakini halijamfikia mtu. Likishindikana linarudishwa. Kwa hiyo salio likipungua haimaanishi mtu kalipwa. Angalia kama ukurasa wako una salio la aina mbili, moja la jumla na moja la kutumia. Zikitofautiana, kuna hela imezuiwa.

Kwa Zumari, kama mtandao wake ungekuwa unazuia, ungezuia zote tatu na pengo lingekuwa 40,450. Halikuwa hivyo. Ila bado kuna uwezekano kwamba zile mbili zilizuiwa zikaachiwa, na hii moja bado imeshikiliwa.

Dawa ni kupakua taarifa ya akaunti yenyewe, siyo ukurasa wa kundi. Ukurasa wa kundi unakupa hali kama ulivyoipata mara ya mwisho. Taarifa ya akaunti ina mstari kwa kila hela iliyotoka, na namba ya risiti. Mwenye mstari na risiti kalipwa. Asiye na mstari hajalipwa *mpaka muda ule ulioipakua*. Hilo neno "mpaka" lisikutoke.

#11 Zumari la Jioni

#8 jumla ya zilizoshindikana ni 90,000 kamili. Sijui umeipataje kabla sijaisema, lakini nimekuvulia kofia.

Nimepakua taarifa. Wa 20,000 ana mstari, ana risiti, alilipwa saa 12:42 jioni ileile. Wale wawili wa 10,000 hawana mstari wowote. Salio ni moja tu, sioni la aina mbili.

Sasa hao wawili niwatumie?

#12 Nyundo ya Bati

Hao sasa watumie, taarifa imeshasema.

#13 Mtunza Daftari

Bado. Fuata neno la Fundi. Kuna ombi liko njiani halijajibiwa, na ombi hilo linaweza kukamilika kesho asubuhi. Ukituma lingine leo, yote mawili yanaweza kufika.

Fungua malalamiko kwa mtandao ukiwapa namba za kumbukumbu za hao wawili, waombe wazifunge rasmi: imekamilika au imeshindikana. Wakati huo endelea na makundi mengine. Watu wawili kuchelewa hakuzuii wengine 318.

#14 Bi Mkoba

Kwa nini "inasubiri" lakini? Mimi nadhani simu za wapokeaji zimezimwa.

#15 Fundi Minara

Hapana dada. Hela inaingia kwenye akaunti iliyoko kwenye mtambo wa mtandao, siyo kwenye simu. Simu ikiwa imezimwa kinachochelewa ni meseji. Mtu anawasha simu siku tatu baadaye anakuta alishalipwa.

Nadhani hao wawili wako mtandao mwingine. Ukituma kwenda mtandao mwingine kuna pande mbili za kujibizana, na jibu likipotea katikati upande wako unabaki unasubiri.

#16 Kisiki

Au wamejaza kikomo cha akaunti zao. Matajiri hao.

#17 Mtunza Daftari

Kikomo kinatoa jibu la kushindikana papo hapo, hakigandishi. Zumari, zile 6 zilileta sababu gani?

#18 Zumari la Jioni

Kati ya 6, wawili "mpokeaji amezidi kikomo cha salio", wanne "namba ya mpokeaji si sahihi".

Kuhusu nadharia ya Fundi: mmoja wa wanaosubiri yuko mtandao mwingine kweli. Wa pili yuko mtandao wetu huuhuu. Kwa hiyo sijui.

#19 Fundi Minara

Basi ya pili inanishinda. Inawezekana mtambo ulikuwa na msongamano muda ule. Jioni ndipo kila mtu anatuma.

#20 Jongoo Mwanga

Wanne wa "namba si sahihi" wangu hao. Ulitengeneza faili kwa Excel? Namba inayoanza na sifuri, Excel inaila ile sifuri kwa sababu inadhani ni hesabu. Na namba ndefu yenye msimbo wa nchi inaweza kugeuka ikawa na herufi E katikati. Ukihifadhi kama CSV ndiyo imeenda hivyo, hairudi. Ile safu ya namba ifanye kuwa ya maandishi *kabla* ya kubandika, siyo baada.

#21 Nyundo ya Bati

Kama ni Excel si zingekufa zote 100? Kwa nini wanne tu?

#22 Zumari la Jioni

Swali zuri, nimekagua. Namba nyingi zilitoka moja kwa moja kwenye mfumo wa tiketi zikiwa na msimbo wa nchi. Hao wanne waliongezwa kwa mkono na kijana wetu, watatu akawaandika kwa kuanza na sifuri. Watatu wamebaki na tarakimu 9, sifuri imeliwa kama alivyosema Jongoo. Wa nne namba yake imetimia, haina kasoro, lakini bado inakataliwa.

#23 Jongoo Mwanga

Wa nne labda laini imefungwa, au hajawahi kusajili huduma ya pesa kwenye laini hiyo.

#24 Bi Mkoba

Au amehama mtandao na namba yake. Au alilipiwa na mtu.

#25 Mtunza Daftari

"Alilipiwa na mtu" ya Bi Mkoba iwekeni alama, ndiyo itakayomsumbua kuliko yote. Zumari, kwenye faili lako uliweka namba ipi: iliyojazwa kwenye fomu ya tiketi au iliyolipa?

#26 Zumari la Jioni

Iliyojazwa kwenye fomu.

#27 Mtunza Daftari

Basi simama kabla ya kundi la pili. Hizo ni namba mbili tofauti na zote zina matatizo yake.

Ya kwenye fomu mtu anaweza kuikosea tarakimu moja, na tarakimu moja inampeleka mtu mwingine aliye hai na mwenye akaunti. Huyo haonekani kwenye "imeshindikana", anaonekana "imekamilika". Ndiyo maana mimi huweka jina la mpokeaji analotaja mtandao pembeni ya jina la kwenye tiketi, halafu naangalia kwa macho wale wasiofanana hata kidogo. Wengi wana sababu, mume kamlipia mke. Wachache ni hela inayokwenda kwa mgeni.

Ya iliyolipa ndiyo salama zaidi kwa kawaida, kwa sababu hela inarudi ilikotoka na hakuna atakayekulaumu. Isipokuwa mtu alilipia kwa wakala.

#28 Wakala Mstaafu

Nimesikia jina langu. Nimefanya uwakala muda mrefu na hili limenikuta upande wa pili.

Mteja anakuja na fedha taslimu, hana salio, anasema nilipie tiketi. Unalipa kwa laini yako. Kwenye vitabu vya mwandaaji mnunuzi ni mimi. Shughuli ikifutwa hela zinarudi kwangu, watu saba, na sikumbuki sura hata moja. Wawili walinifuata wakiwa na meseji ya tiketi nikawapa. Wengine sikuwaona tena, na mwandaaji kwenye orodha yake ana amani kwamba amewalipa watu saba.

Namna ya kututambua ni rahisi. Panga malipo yako kwa namba iliyolipa. Namba moja ikijirudia mara nyingi, kila mara na jina tofauti la tiketi, huyo ni wakala au ni kiongozi wa kikundi. Waweke pembeni, usiwatie kwenye mkupuo.

#29 Zumari la Jioni

Nimepanga. Namba moja ina malipo 11 yenye majina 11. Nyingine 6. Zilizobaki ni mbilimbili, zinaonekana ni familia. Hao 17 nimewatoa.

Kwenye taarifa ya makusanyo kuna tatizo lingine: tarakimu za katikati za aliyelipa zimefichwa kwa nyota. Nimebahatika mfumo wa tiketi ulihifadhi namba nzima wakati wa malipo.

#30 Jongoo Mwanga

Hiyo ya nyota inawaua wengi. Wanadhani wataunda orodha kutoka kwenye taarifa, wanakuta nyota tupu.

#31 Chumvi Mawe

Samahani, mbona mnazunguka? Kuna kitu kinaitwa kurudisha muamala. Unauambia mtandao ugeuze muamala wa mwanzo, hela inarudi kwa aliyelipa. Hakuna faili wala Excel.

#32 Fundi Minara

Kipo, na kwa muamala mmoja wa jana kinafaa. Kwa miamala 418 ya miezi tofauti, mitandao mingi itakuambia ya zamani haigeuzwi. Pia kinakata kwenye akaunti ya makusanyo, na kama hela mlishaihamishia benki hakuna cha kugeuza. Na wa wakala anabaki wa wakala vilevile.

#33 Bi Mkoba

Tuje kwenye makato sasa maana hapo ndipo pana kelele. Mtu alilipa 10,000 arudishiwe 10,000 na ya kutolea. Hakulifuta tamasha yeye.

#34 Nyundo ya Bati

Na ya kutolea tena! Mwandaaji amepata hasara, bado umpe na nauli ya kwenda kwa wakala. Akipokea 10,000 si ndiyo hela yake?

#35 Bi Mkoba

Akitoa taslimu anabaki na pungufu ya alichokuwa nacho. Rahisi tu.

#36 Wakala Mstaafu

Si wote wanaotoa. Wengi siku hizi hela ikiingia wanaitumia humohumo. Ukiongeza ya kutolea kwa wote unawapa zawadi wasiotoa.

#37 Mtunza Daftari

Hilo nawaachia kamati. Lakini Zumari, kabla ya kubishana na ya kutolea, hakikisha unayo hata hiyo ya msingi. Makusanyo mlikatwa?

#38 Zumari la Jioni

Mtandao ulikata asilimia 1 wakati wa kukusanya.

#39 Mtunza Daftari

Basi hela mliyoshika haitoshi, na hilo wengi huligundua kundi la mwisho. Mlikusanya 6,400,000, ikaingia 6,336,000. Mnatakiwa kurudisha 6,400,000, na ada ya kutuma 418 kwa 150 ni 62,700. Jumla 6,462,700. Mna upungufu wa 126,700, na ile asilimia 1 hairudi kwa sababu tu tamasha limefutwa.

Upungufu huo utokee mfukoni mwa waandaaji mapema. Usipoutafuta, makundi ya mwanzo yatapita yote na watu wa mwisho watapata "salio halitoshi". Hapo ndipo maneno huanza, kwamba mmewalipa rafiki zenu kwanza.

Na msigawanye kwa tiketi. Mtu aliyelipa 30,000 mrudishie 30,000 kwa mara moja. Ukimtumia 10,000 mara tatu ada ni tatu. Kwa tiketi zote 640 ni 96,000 badala ya 62,700.

#40 Jongoo Mwanga

Hapo naongeza tahadhari: ni kwa sababu ada yake ni moja kwa kila kiasi. Mimi ninakolipia ada inapanda kwa madaraja. Kuna siku kuunganisha kunakusogeza daraja la juu. Angalieni jedwali la mtandao wako, msichukue ya Zumari.

#41 Chumvi Mawe

Kama upungufu upo, kateni ile 150 kwa kila mtu. Mtu apokee 9,850. Nani atagombana kwa 150?

#42 Mama Upepo

Mimi.

#43 Kisiki

Hahaha, mama yuko tayari.

#44 Mtunza Daftari

Ukikata, ioneshe kwenye meseji na kwenye orodha kama safu yake. Usiandike "kiasi 9,850" ukaacha hivyo, maana baada ya muda hakuna atakayejua kama ni ada au umemkata mtu. Kama tangazo lenu lilisema "fedha yote itarudishwa", basi mmeshajifunga.

#45 Zumari la Jioni

Lilisema hivyo. Tutabeba sisi. Sasa hiyo orodha yenyewe, Mtunza, ikaeje?

#46 Mtunza Daftari

Uti wa mgongo uwe malipo yaliyoingia, siyo watu wala namba za simu. Mtu anaweza kuwa na namba mbili, namba inaweza kuwa na malipo mawili, lakini risiti ya kuingia ni moja na haijirudii. Kila risiti mpe namba yako ya mfululizo, kisha kila jaribio la kumlipa lipate mkia wake. Hivi:

```
kumb,risiti_ingizo,simu_mwisho,kiasi,ada,kundi,hali,risiti_toka
0143-1,K7X2,1187,20000,150,1,imekamilika,P90QA
0212-1,M4T8,5530,10000,0,1,imeshindikana,
0212-2,M4T8,5530,10000,150,3,imekamilika,P97RC
```

0212 alishindikana kundi la kwanza, akalipwa la tatu. Mstari wa kwanza haufutwi wala kubadilishwa. Unaongeza mstari mpya. Sheria ni moja: huruhusiwi kuandika -2 mpaka -1 iseme "imeshindikana". Ikisema "inasubiri", mkia mpya hauruhusiwi. Hapo mweka hazina wako anazuiwa na karatasi, siyo na wewe, na ugomvi unaisha.

Hiyo `kumb` iweke pia kwenye safu ya maelezo ya faili unalopandisha, kama mtandao wako unayo. Itatokea kwenye taarifa ya akaunti na kulinganisha kutakuwa kazi ya dakika chache.

Kila kundi likiisha, jumlisha "imekamilika" za kundi hilo pamoja na ada, ulinganishe na kilichotoka kwenye taarifa. Zisipofanana hata kwa 150, usianze kundi linalofuata. Umeona hapo juu 150 ilivyotuambia.

#47 Fundi Minara

Kwa wenye waandishi wa programu, hiyo ya mkia mitandao mingine inaifanya yenyewe. Kwa mfano MTN MoMo, ombi la kulipa linabeba `X-Reference-Id` unayoitengeneza wewe. Linapokelewa kwa jibu `202`, ambalo halisemi kwamba mtu amelipwa, linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Kisha unauliza hali kwa namba hiyohiyo mpaka ikuambie `SUCCESSFUL` au `FAILED`. Ukituma ombi jingine kwa namba ileile inakataa kwa `409`. Kwa hiyo ukiwa na shaka, rudia kwa namba *ileile*. Nimeona watu wanatengeneza namba mpya kila wanaporudia, wanajivua kinga wenyewe.

#48 Zumari la Jioni

Sisi ni wa kupandisha faili tu, lakini nimeelewa. Orodha nimeianza upya kwa mtindo wa #46.

Kamati wanataka niirushe kwenye grupu ili kila mtu ajione.

#49 Bi Mkoba

Usithubutu! Namba nzima, jina na kiasi kwenye grupu? Kesho matapeli wanapiga: "ndugu, umezidishiwa malipo ya tamasha, rudisha kwa namba hii". Na wanataja kiasi kamili kwa hiyo mtu anaamini.

#50 Wakala Mstaafu

Hiyo ipo kweli. Wengine wanaomba hadi namba ya siri "ili kukamilisha marejesho". Tangazeni mapema kwamba mpokeaji hatakiwi kubonyeza wala kutuma chochote.

#51 Mtunza Daftari

Toa `kumb`, tarakimu nne za mwisho, hali na risiti ya kutoka. Inatosha mtu kujitambua. Akisema hajapata, unampa risiti na saa, anaitafuta kwenye simu yake au kwa mtandao. Orodha nzima iwe kwa watu wawili tu, wewe na anayeidhinisha.

#52 Zumari la Jioni

Mrejesho, wakuu. Makundi mengine yamepita na yanafanana na taarifa. Wale watatu wa sifuri wamelipwa. Wa kikomo, mmoja alipunguza salio akalipwa, mwingine anasema nimtumie kwa namba ya mkewe. Nimeiweka kwenye safu ya pembeni, sikufuta ya mwanzo, na mwenzangu amesaini.

Wale wawili wa kusubiri: wa mtandao mwingine amegeuka "imeshindikana", tumemtumia -2. Wa mtandao wetu bado. Mtandao unasema "unalishughulikia".

Wakala wa malipo 11 nimempata. Watu 8 wameleta meseji za tiketi, tumewalipa moja kwa moja. Watatu hawajulikani. Hela yao niiache kwenye akaunti au nimpe wakala?

#53 Wakala Mstaafu

Usimpe. Ungenipa mimi ningepokea, lakini usimpe.

#54 Nyundo ya Bati

Mpe tu na umsainishe. Ndiye aliyelipa, kwenye vitabu ni yeye. Akiikalia hao watatu wana haki ya kumdai yeye.

#55 Mtunza Daftari

Wote mna hoja. Mimi ningeiacha kwa muda uliotangazwa, na mstari wao ukisomeka "haijadaiwa", siyo "imekamilika". Muda ukiisha kamati ndiyo iamue kwa maandishi, siyo Zumari peke yake.

#56 Chumvi Mawe

Na yule aliyeganda je? Si kesho atakuja juu?

#57 Zumari la Jioni

Ameshakuja. Nimempa namba ya malalamiko tuliyopewa na mtandao. Anasema hiyo namba hailiwi.

#58 Mama Upepo

Jibu langu kabisa hilo. Na ile 10,000 yake akirudishiwa, kwa usumbufu wote huo, muwekeeni na ya kutolea.